Laptopu inayocheza filamu vizuri, mtihani ikaukataa: mambo ya kukagua kabla ya kufanya mtihani wa mtandaoni ukiwa nyumbani

Binti mmoja wa Katonga alipiga simu studio, akasubiri hadi kipindi kiishe, ndipo akauliza. "Dada, laptopu yangu inafungua Zoom, inacheza filamu, inafanya kila kitu. Mtihani umekataa. Nimelipia. Sasa nifanyeje?"

Alikuwa anaomba ufadhili wa masomo nje ya nchi, na chuo kilimtaka alete matokeo ya mtihani wa Kiingereza kabla ya tarehe fulani. Siku zilizobaki zilikuwa 19. Alilipia mtihani kwa kadi ya shangazi yake, akajifungia chumbani, na dakika ya 41 msimamizi aliyekuwa anamtazama kwa kamera akampoteza. Alipojaribu kurudi, mlango ulikuwa umefungwa.

Tulikaa naye jioni tatu tukiikagua laptopu ile kipengele kwa kipengele, na nilichojifunza hapo ndicho nimekiandika hapa. Maswali ya namna hii yanatufikia mara kwa mara, na mengi yanakuja baada ya hela kwenda.

Kwa watu wa Kigoma jambo hili lina uzito wake. Ukitaka kufanya mtihani kama huo kwenye kituo, mara nyingi safari ni ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, na huko unahitaji pa kulala. TOEFL ilianza kufanyika nyumbani Machi 2020, korona ilipofunga vituo. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo tangu mwanzo hauna kituo, ni wa mtandaoni tu. Wanaosomea mambo ya kompyuta nao hukutana na OnVUE ya kampuni ya Pearson VUE wanapofanyia nyumbani mitihani ya vyeti. Lakini usidhani kila mtihani uko hivyo, au utabaki hivyo. Bodi ya wahasibu ya ACCA ilitangaza mwishoni mwa 2025 kwamba kuanzia Machi 2026 inaacha kutahini watu nyumbani isipokuwa kwa sababu maalumu, kwa kuwa udanganyifu umezidi. Kwa hiyo soma kwanza ukurasa wa waandaaji wa mtihani wako, wa mwaka huu. Usitegemee ya mtu aliyeufanya mwaka juzi.

Msimamizi anaona nini

Mtihani wa aina hii unasimamiwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza kuna mtu hai upande wa pili, labda yuko bara jingine. Anakuona kwa kamera, anakusikia kwa maikrofoni, na anaona kioo chako kama unavyokiona wewe. TOEFL ya nyumbani iko hivyo. Katika njia ya pili hakuna mtu anayekutazama wakati ule. Kila kitu kinarekodiwa na kukaguliwa baadaye, na Duolingo hutumia njia hii, majibu yakitoka kwa kawaida ndani ya siku mbili. Tofauti yake kwako ni kwamba msimamizi hai atakwambia papo hapo "sikuoni" au "kuna sauti ya mtu", nawe utarekebisha. Kwenye ule wa kurekodiwa hakuna wa kukwambia. Unamaliza, unafurahi, kisha unaletewa ujumbe kwamba matokeo hayakuthibitishwa.

Hapo ndipo jibu la binti yetu lilipo. Zoom inahitaji kamera na sauti tu. Mtihani unahitaji hivyo vyote, halafu unataka kutawala laptopu yenyewe. Unafunga programu nyingine, unazuia kunakili maneno, unakataa kioo cha pili, unatazama kama kuna mtu anayeweza kuiendesha kompyuta kutoka mbali. Laptopu isiyoruhusu kutawaliwa hivyo itakataliwa hata kama ni mpya kabisa.

Laptopu ya mtumba na historia yake

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa mjini zimeshatumika ofisini Ulaya au Dubai kabla ya kutufikia. Mara nyingi ni mashine imara kuliko mpya za bei rahisi, kwa hiyo sizisemi vibaya. Tatizo ni kwamba zinakuja na historia.

La kwanza tulilokuta ni saa. Binti alikuwa amezoea kuiona laptopu ikiandika mwaka wa zamani kila akiiwasha, akawa haijali. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kutunza saa wakati mashine imezimwa, na ikifa saa inarudi nyuma miaka. Kivinjari kinapofungua ukurasa salama hulinganisha tarehe yako na tarehe za cheti cha tovuti. Tarehe ikiwa ya miaka kumi iliyopita, cheti kinaonekana bado hakijaanza kutumika, na Chrome inakuandikia hivi:

```
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

Yeye alikuwa anarekebisha saa kwa mkono kila siku. Siku ya mtihani kompyuta ilijizima ikawaka tena, akasahau, akapoteza dakika kumi akidhani mtandao ndio mbovu. Fundi alibadilisha betri ile kwa muda mfupi. Nyingi ni za aina ya CR2032, ingawa kwenye laptopu mara nyingi huja imefungwa kwa plastiki na waya mdogo, kwa hiyo mpelekee fundi ile ya zamani aione. Baadaye hakikisha kanda ya saa imeandikwa `(UTC+03:00) Nairobi`, kwa sababu Windows haina mstari wa Dodoma wala Dar es Salaam. Laptopu iliyotoka Uingereza na kubaki na saa za London itakuonyesha muda wa mtihani ambao si wako. Na muda ukiandikwa 14:00, hiyo ni saa nane mchana. Nawajua watu wawili waliokosa mtihani kwa kuchanganya saa za kizungu na zetu, na mmoja wao ni mwalimu.

La pili ni mwenye laptopu. Bonyeza Start, andika `winver`, utaona toleo la Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ipo mitihani ambayo bado inaipokea, ila usiamini mpaka uthibitishe kwa waandaaji. Windows 7 na 8 usihangaike nazo. Kama laptopu yako ina Linux, ujue programu nyingi za mitihani hazina toleo lake. Hata Safe Exam Browser, iliyotengenezwa katika chuo cha ETH Zürich na kutumiwa na vyuo vingi duniani, ipo ya Windows na ya kompyuta za Apple lakini ya Linux haipo. Simu na tableti nazo kwa mitihani mingi hazikubaliwi kama mashine ya kufanyia mtihani.

Kisha ingia `Settings`, halafu `Accounts`, halafu `Access work or school`. Ukikuta jina la kampuni au shule usiyoijua, laptopu hiyo bado imefungwa kwa ofisi yake ya zamani, na ofisi hiyo ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu programu gani iingie. Ukijaribu kuweka programu ya mtihani itakuomba nywila ya mtu ambaye hutakaa umjue. Laptopu ya kazini uliyoazima kwa mwajiri wako ina shida hiyohiyo, na ndiyo maana waandaaji wengi wanashauri usiitumie. Kumbuka kwamba akaunti yako lazima iwe ile inayoruhusiwa kuweka programu, inayoandikwa `Administrator`. Laptopu nyingine ndogo za bei nafuu zinakuja na Windows ya `S mode`, inayokubali programu kutoka duka la Microsoft tu. Hiyo inaweza kuondolewa bure kutoka dukani humohumo, ila ukishaiondoa huirudishi.

La tatu ni betri kubwa. Hapa binti alinichekesha, ingawa yeye hakuona cha kuchekesha. Kabla mtihani haujaanza msimamizi anakwambia uizungushe kamera chumba kizima: kuta nne, mezani, chini ya meza, mlangoni. Kamera ikiwa ndani ya laptopu, maana yake unanyanyua laptopu na kuzunguka nayo. Waya wa chaji ukafika mwisho, ukachomoka, na betri iliyochoka haikudumu hata sekunde moja. Kila kitu kikazima mkononi mwake. Ndiyo ile kujizima niliyoitaja.

Betri inapimika. Fungua `Command Prompt` uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Kompyuta itatengeneza ukurasa uitwao `battery-report.html` na kukuonyesha umehifadhiwa wapi. Ufungue, tafuta `DESIGN CAPACITY`, yaani uwezo betri iliyozaliwa nao, na `FULL CHARGE CAPACITY`, yaani uwezo iliobaki nao. Yake ilizaliwa na 47,500 na sasa ilibeba 9,500, sehemu moja ya tano. Betri ya hivyo hata ikidumu kidogo huwezi kuitegemea. Hakununua betri mpya kwa kuwa hela haikutosha. Aliazima waya mrefu wa umeme, akaupitisha katikati ya chumba, akafanya mazoezi ya kuzunguka mpaka akaweza bila kuuvuta. Lakini kama umeme wa kwenu hukatika na betri ni ya namna hiyo, tafuta pa kufanyia mtihani penye jenereta au sola. Umeme ukirudi baada ya dakika tano msimamizi hatakuwa anakusubiri.

Kamera, na mlango ambao umefungwa mara tatu

Kamera ya laptopu ya kawaida inatosha. Haihitaji kuwa ya kifahari. Inahitaji ifanye mambo mawili: uso wako uonekane wazi muda wote, na maandishi ya kitambulisho chako yasomeke.

Hilo la kitambulisho ndilo linalosumbua. Kamera nyingi za laptopu zina lenzi isiyojirekebisha, inayoona vizuri vitu vilivyo umbali wa uso wa mtu aliyekaa. Watu husogeza pasipoti karibu kabisa wakidhani itasomeka zaidi, kumbe ndiyo inafifia. Ishike kama sentimita 35 kutoka kwenye kamera, iinamishe kidogo ili taa isiakisiwe kwenye plastiki, na kaa bila kutikisika. Na jina ulilojiandikisha nalo liwe lilelile la pasipoti, kwa mpangilio uleule. Pasipoti ndiyo salama zaidi, ingawa mitihani mingine hukubali kitambulisho cha taifa.

Mwanga utoke mbele yako. Ukikaa na dirisha mgongoni, kamera itajipima kwa mwanga wa dirisha na uso wako utakuwa kivuli. Huku kwetu mchana jua likigonga ziwa mwanga wa dirishani ni mkali mno. Geuza meza.

Sasa ruhusa. Kamera ya laptopu ya Windows ina milango mitatu, na mmoja ukifungwa huoni kitu. Mlango wa kwanza ni wa mkono: kifuniko kidogo cha kuteleza juu ya lenzi, au kitufe chenye picha ya kamera kwenye kibodi. Kama picha ni nyeusi kabisa au ina alama ya kamera iliyokatwa mstari, anza hapo. Laptopu za ofisini zina vifuniko hivi sana, na rangi yake inafanana na fremu.

Mlango wa pili ni wa Windows yenyewe. Ingia `Settings`, `Privacy & security`, `Camera`. Washa `Camera access`, washa `Let apps access your camera`, kisha shuka chini kabisa uwashe `Let desktop apps access your camera`. Huu wa chini ndio wengi wanaouacha, na ndio unaohusu vivinjari na programu za mitihani ulizopakua. Rudia hayo kwa `Microphone`.

Mlango wa tatu ni kivinjari. Tovuti inapoomba kamera kwa mara ya kwanza kidirisha kinatokea juu kushoto. Ukibonyeza `Block` kwa haraka, Chrome itakumbuka, na haitakuuliza tena. Tovuti itasema tu haioni kamera. Kurekebisha, andika hivi mahali pa anwani, tafuta jina la tovuti ya mtihani kwenye orodha ya waliozuiwa, ulifute:

```
chrome://settings/content/camera
```

Milango yote ikiwa wazi na bado hakuna picha, kuna programu nyingine imeishika kamera. Zoom au Teams iliyofungwa kwa alama ya X inaweza kuwa bado hai pale chini kulia karibu na saa. Ifunge kabisa, au zima kompyuta uwashe upya.

Kuna watu ambao kamera yao imekufa, wanatumia simu kama kamera kwa kupitia programu. Kwa mikutano ni njia nzuri. Kwa mtihani ni hatari, kwa sababu kompyuta inaiona kama kamera ya kubuni, na kamera ya kubuni ndiyo njia ambayo wadanganyifu hutumia kuonyesha picha iliyorekodiwa. Nunua au azima kamera ya nje ya waya wa USB. Ina faida nyingine pia: unazungusha kamera peke yake, laptopu inabaki mezani kwenye umeme.

Tukiwa kwenye ruhusa, kuna ya kioo. Mtihani unaotumia kivinjari cha kawaida utakuuliza unashirikisha nini, nawe uchague `Entire screen`. Ukichagua dirisha moja, msimamizi atakurudisha. Kwenye kompyuta ya Apple ruhusa hii iko `System Settings`, `Privacy & Security`, kwenye kipengele cha kurekodi kioo, na ukishaiwasha inakutaka uifunge programu na kuifungua tena. Fanya hivyo jana yake, usifanye dakika tano kabla.

Kivinjari cha mtihani na vitu kisivyovipenda

Mitihani mingi haitumii Chrome yako ya kila siku. Inakupa kivinjari chake, kwa mfano Guardian Browser au Safe Exam Browser, kinachojaza kioo chote na kuzuia kutoka. Kabla hakijafungua kinakagua kinachoendelea ndani ya kompyuta. Kikikuta AnyDesk au TeamViewer kinagoma, kwa sababu hizo zinamwezesha mtu wa mbali kuendesha kompyuta yako. Mafundi wetu huweka AnyDesk wakisaidia mteja, kisha wanaiacha. Binti alikuwa nayo na hakujua ni kitu gani. Usiifunge tu, iondoe kabisa: `Settings`, `Apps`, `Installed apps`, halafu `Uninstall`. Fundi akihitaji ataiweka tena.

VPN nayo. Watu wengi siku hizi wana VPN kwenye simu na laptopu, kwa sababu mbalimbali, na TCRA mwaka 2023 ilitaka wanaozitumia wajisajili. Kwa mtihani suala ni jingine. Ikiwa imewashwa utaonekana uko Uholanzi wakati pasipoti inasema Tanzania na umejisajili Kigoma. Izime kwenye laptopu, na kama intaneti inatoka kwenye simu, izime na huko.

Intaneti: bando si tatizo kama ulivyodhani

Tukifika kwenye mtandao kila mtu anauliza kasi. Kasi inayotakiwa si kubwa. Duolingo kwa miaka imeomba megabiti 2 kwa sekunde za kushusha na 1 ya kupandisha. Mitihani yenye msimamizi hai huomba zaidi, kwa hiyo tazama ya kwako. Lakini zingatia neno kupandisha. Sisi tumezoea kushusha: filamu, miziki, picha. Kwenye mtihani wewe ndiye unayetuma video, na mitandao ya simu hupandisha polepole kuliko inavyoshusha. Ukipima kasi, soma namba ya pili.

Bando linahesabika. Tuseme kamera na kioo kwa pamoja vinatuma megabiti 1.5 kila sekunde, na unakaa saa mbili. Saa mbili ni sekunde 7,200. Zidisha, unapata megabiti 10,800. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 1,350. Ukiweka bando la GB 3 una akiba ya zaidi ya nusu. Usiweke linaloisha saa sita usiku kama mtihani ni wa usiku.

Linaloua mtihani ni mtandao kukatika, hata kwa sekunde chache. Ili uone kama wako unakatika, andika:

```
ping -n 100 8.8.8.8
```

Kompyuta itabisha hodi mara 100 kwenye mashine ya mbali na kuhesabu majibu. Mwishoni tazama `Lost`. Ikiwa 0 au 1, uko vizuri. Ikiwa 6 au 7, sauti yako na picha vitakuwa vinaruka. Tulipima kwa binti saa moja jioni, watu wote wako mtandaoni, akapoteza 9. Kesho yake saa nane mchana alipoteza 0, palepale, kwa simu ileile. Kwa hiyo jaribio la mfumo ambalo waandaaji wanakupa ulifanye mahali utakapokaa na saa utakayofanya mtihani. Ukilifanya ofisini kwa rafiki mwenye faiba halikwambii chochote kuhusu chumba chako.

Lakini ile dakika ya 41 haikusababishwa na mnara. Tulipofungua simu yake tukakuta simu isiyopokelewa, saa ileile. Ni mama yake mdogo, alikuwa anapiga kumtakia heri.

Kama laini au simu yako haipitishi sauti juu ya 4G, simu ikiita inashuka kwenye mtandao wa zamani, na data inasimama au kudorora hadi simu ikatike. Simu za laini mbili zina mtego zaidi: nyingi zikipokea mwito kwenye laini moja, data ya laini nyingine inasimama. Wewe unaona simu imeita mara nne ikanyamaza. Msimamizi anaona umetoweka.

Dawa ni kuchomoa laini ya pili na kubaki na ya data tu. Kama laini ya data ndiyo ile watu wote wanaijua, elekeza miito kwenye namba ya ndugu kabla ya mtihani kwa kupiga `**21*`, namba yake, kisha `#`, na baadaye uondoe kwa `##21#`. Jaribu siku moja kabla uone kama mtandao wako unaikubali. Njia iliyo bora ni kuazima kifaa kidogo cha waifai chenye laini yake, au laini mpya ambayo hakuna anayeijua.

Hapo linakuja suala la mahali pa kuiweka simu. Mitihani mingi hairuhusu simu karibu nawe. Mingine inaitaka mwanzoni tu upige picha za chumba na kitambulisho kisha uiweke mbali, na mingine sasa inaitaka isimame pembeni kama kamera ya pili muda wote. Ikiwa simu moja ndiyo intaneti na ndiyo kamera, unajitafutia matatizo. Binti aliweka simu ya hotspoti chumba cha pili, nyuma ya ukuta, ikiwa kwenye chaji. Kupitia waya wa USB intaneti ingekuwa tulivu zaidi, lakini simu ingekuwa mezani, na kanuni za mtihani wake zilikataa.

Mwisho wa mtandao ni Windows yenyewe, ambayo hupenda kujisasisha wakati mbaya. Ingia `Windows Update`, bonyeza `Pause updates`. Kisha kwenye mipangilio ya waifai yako washa `Metered connection`, kompyuta itaacha kujishushia mizigo.

Chumba cha Katonga

Chumba si laptopu, lakini maikrofoni inakileta ndani. Mitihani mingi haipokei visikilizio vya masikioni, kwa hiyo sauti ya swali inatoka kwenye spika na maikrofoni inasikia kila kitu. Karibu na mwalo asubuhi ni kelele za mnada wa dagaa, jioni ni mashine za mitumbwi zinazotoka. Binti alichagua saa nane mchana, wavuvi wa usiku wamelala, adhana ya adhuhuri imepita na ya alasiri bado. Mdogo wake alikaa nje ya mlango kuzuia watoto, kwa sababu mtu akiingia hata kwa bahati mbaya mtihani unaweza kufutwa.

Kwa dada zetu wanaojitanda mtandio: masharti mengi yanataka masikio yaonekane, ili kuhakikisha hakuna kifaa ndani. Andika kwa waandaaji mapema ueleze, upate jibu lao kwa maandishi. Usingoje kubishana na msimamizi wakati saa inakwenda.

Alifungua ukurasa dakika 30 kabla. Saa ilikuwa sahihi, kamera iliwaka, AnyDesk haipo, waya ulizunguka chumba bila kuchomoka. Nusu ya pili ya mtihani picha yake iliganda mara moja, msimamizi akamwandikia, ikarudi yenyewe.

Nawe ikikutokea ukakatika kabisa, usifungue mtihani mpya na usilipie tena. Rudi kwa kiungo kilekile mara moja, kwa kuwa mitihani mingine inakupa nafasi fupi ya kurejea. Ukishindwa, andika saa kamili uliyokatika, piga picha ya ujumbe ulio kwenye kioo kwa kutumia simu ya mtu mwingine, na upeleke malalamiko siku hiyohiyo kupitia akaunti uliyojisajilia. Wanao mkanda wa kilichotokea upande wao. Binti alipeleka ya kwake siku nne baada ya mtihani wa kwanza, bila saa wala picha, na hakurudishiwa kitu. Wa pili alilipia kwa hela ya dagaa wa mama yake.